Dakika 38 za Unguja: jinsi sura moja inavyohakikiwa na inavyolipiwa

Mchapishaji anapotuma mswada na kuuliza kuhakiki ukurasa mmoja ni shilingi ngapi, mhakiki mzoefu hawezi kumjibu papo hapo, na si kwamba anaringa. Ukurasa wa mazungumzo kati ya wahusika unaweza kusomwa kwa dakika tano bila kukuta neno la kuthibitisha. Ukurasa wa historia unaweza kumaliza siku nzima. Kazi hii hupimwa kwa madai, yaani kila jambo ambalo msomaji akilichunguza atalikuta ama kweli ama si kweli. Tarehe ni dai. Jina la meli ni dai. Hata kusema fulani ni mpwa wa fulani ni dai, na madai ya udugu huchelewesha kazi kuliko watu wanavyodhani.

Nitaeleza kwa mfano wa tukio moja ambalo limeandikwa mara nyingi hadi kila mtu anaamini analijua: kupigwa mizinga kwa kasri ya Unguja mwaka 1896. Mtu akiandika kitabu cha historia kwa shule, riwaya ya kihistoria au mwongozo wa watalii wa Mji Mkongwe, aya ya namna hii haikosi:

"Tarehe 27 Agosti 1896, saa 9:00 asubuhi, meli tano za Kiingereza ziliipiga mizinga kasri ya Sultani Khalid bin Barghash, mpwa wa Sayyid Hamad aliyeuawa kwa sumu siku mbili kabla. Vita vilidumu dakika 38. Wazanzibari 500 waliuawa, na Mwingereza mmoja tu alijeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, akafia uhamishoni."

Aya hii nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya makala, lakini kila kipande chake utakikuta mahali fulani kimechapishwa. Ina sentensi nne. Ukiipigia mstari kwa kalamu utapata madai 16: tarehe, saa, idadi ya meli, kwamba zote zilipiga, kwamba kilicholengwa ni kasri, kwamba Khalid alikuwa sultani, udugu wake na Hamad, sumu, siku mbili, dakika 38, idadi ya 500, kwamba hao 500 walikufa, Mwingereza mmoja, kwamba alijeruhiwa tu, ubalozi, na mahali Khalid alipofia. Kupiga mstari ndiyo hatua ya kwanza, na hufanywa kabla ya kufungua kitabu chochote. Ukianza kutafuta ukiwa bado unasoma, macho yataruka mambo unayodhani unayajua, na hayo ndiyo yenye mitego.

Tuanze na saa. Mapambano yalianza asubuhi, muda wa onyo la Waingereza ulipokwisha saa tatu kamili kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Mwandishi aliyesoma "9:00" kwenye kitabu cha Kiingereza akaihamisha kama ilivyo ameandika saa ambayo haipo, maana saa tisa ya asubuhi hakuna. Hilo ni jepesi. Gumu zaidi ni kwamba baadhi ya maandishi huongeza kuwa hiyo ni "saa ya Afrika Mashariki". Mwaka 1896 saa hiyo ya pamoja haikuwepo Unguja. Kila mji ulifuata jua lake, na kwa longitudo ya Unguja, saa ya hapo iko mbele ya Greenwich kwa takriban saa 2 na dakika 37, si saa 3 kamili kama tunavyohesabu leo. Kwa kitabu cha kawaida tofauti hiyo ya dakika 23 haina madhara, na mhakiki atashauri tu maneno "saa ya Afrika Mashariki" yaondolewe. Kwa mtu anayelinganisha simu za maandishi zilizopelekwa London na daftari la meli bandarini, dakika 23 zinaweza kumfanya aone jibu limefika kabla ya swali.

Tarehe nayo, ingawa hapa iko sahihi, ina tahadhari yake. Chanzo cha Kiarabu au barua ya Kiswahili ya zama hizo itataja mwezi wa Rabiul Awwal 1314, ambao sisi twauita Mfungo Sita. Siku ya Kiislamu huanza jua linapokuchwa. Kwa hiyo tukio la usiku likigeuzwa kuwa tarehe ya Kizungu kwa jedwali la kompyuta huweza kusogea siku moja. Tukio la asubuhi halina hatari hiyo, lakini kifo au mkutano wa baada ya magharibi ni lazima uangaliwe mara mbili.

Sasa dakika 38. Hii ndiyo tarakimu maarufu kuliko zote katika kisa hiki, na utaikuta ikishindana na 40 na 45. Mhakiki mchanga atafanya kura: vyanzo vingapi vinasema 38, vingapi vinasema 45, kisha atachagua walio wengi. Kura ya namna hiyo haina maana, kwa sababu vyanzo kumi vilivyonakiliana ni chanzo kimoja. Anachotakiwa kuuliza ni kila tarakimu inahesabu kutoka wapi hadi wapi. Muda wa onyo uliisha saa 3:00. Meli zilianza kupiga saa 3:02. Mizinga ilinyamaza na bendera ya kasri ikaanguka mnamo saa 3:40. Ukihesabu kutoka risasi ya kwanza unapata 38. Ukihesabu kutoka mwisho wa onyo unapata 40. Tarakimu zinapopishana hivi, mara nyingi hakuna aliyekosea. Kila mmoja ameweka mlango wa kuingilia na wa kutokea mahali pake. Kinachotakiwa kwenye mswada ni kusema umehesabu nini: "mizinga ililia kwa dakika 38 hivi." Hapo sentensi inasimama.

Idadi ya 500 ni ya hatari zaidi. Maelezo ya msingi yanasema takriban watu 500, wanaume kwa wanawake, waliuawa au kujeruhiwa upande wa kasri. Neno "kujeruhiwa" ndilo linaloanguka njiani watu wanaponakili, na takriban hugeuka kuwa kamili. Halafu kuna 500 nyingine katika kisa hichohicho: meli zinatajwa kurusha makombora yapatayo 500. Mtu akisoma haraka, 500 mbili ndani ya ukurasa mmoja huungana. Kosa la namna hii hutambulika kwa namna moja tu, nayo ni kurudi kwenye sentensi ya chanzo na kuisoma nzima, pamoja na iliyotangulia na inayofuata.

Meli tano zilikuwepo bandarini kweli: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow, chini ya Admeri Harry Rawson. Zilizofungua mizinga juu ya kasri saa 3:02 ni Racoon, Thrush na Sparrow, na meli ya Sultani iitwayo Glasgow ilipoishambulia St George ilijibiwa hadi ikazama. Kwa hiyo "meli tano ziliipiga kasri" ni sentensi inayosema zaidi ya inavyojua. Na tukiwa hapohapo, "Waingereza dhidi ya Wazanzibari" nayo haikai sawa, maana upande wa Waingereza walikuwepo askari wa Kizanzibari wapatao 900 chini ya Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani. Mwandishi anaweza kuamua kutolitaja, hiyo ni hiari yake. Kazi ya mhakiki ni kumwarifu kwamba lipo.

Udugu. Hamad ni mtoto wa Thuwaini, Khalid ni mtoto wa Barghash, na Thuwaini na Barghash wote ni watoto wa Said bin Sultan, Thuwaini akiwa mkubwa. Basi Khalid ni mtoto wa baba mdogo wa Hamad. Hakuna upwa hapo. Njia ya kuhakiki udugu ni kuchora ukoo kwenye karatasi kila mara, hata kwa watu unaowajua kwa kichwa. Majina ya Kiarabu yanasaidia, kwa sababu "bin" inakupa baba moja kwa moja.

Sumu ni dai la aina nyingine kabisa. Hamad alikufa ghafla tarehe 25 Agosti, na Khalid alishukiwa. Kushukiwa kumethibitika, kuua hakujathibitika. Mswada ukisema "aliyeuawa kwa sumu", mhakiki hawezi kuandika pembeni "si kweli", kwa kuwa hana ushahidi wa kukanusha pia. Ataandika: chanzo kinaunga mkono tuhuma, hakiungi mkono tendo. Katika vitabu vinavyohusu watu walio hai, tofauti hii ndiyo inayomtenga mchapishaji na kesi ya kashfa, na ndiyo maana madai ya kumtuhumu mtu huhakikiwa mwanzo, hata kama yako sura ya mwisho.

Kuhusu mwisho wa Khalid: alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na tarehe 2 Oktoba 1896 alichukuliwa kwa bahari hadi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni visiwa vya Saint Helena na Shelisheli, lakini baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki na alifia Mombasa mwaka 1927. "Akafia uhamishoni" inategemea mtu anauonaje Mombasa kwa aliyezaliwa kasrini Unguja. Mimi ningeandika jina la mji na kumwachia msomaji.

Hayo yote yanapatikana kwenye vitabu vizuri na kamusi elezo. Je, hati zenyewe zinafuatwa lini? Jibu la uaminifu ni: mara chache kuliko waandishi wanavyotaka, na mara nyingi kuliko wachapishaji wanavyokubali kulipia. Kanuni ninayofuata ni kwamba dai likiwa ndiyo nguzo ya sura, au likiwa jipya, au vyanzo viwili huru vikipingana, ndipo tunakwenda kwenye hati. Tuseme mwandishi wetu anataka kudai kwamba mizinga iliendelea hata baada ya bendera kushushwa. Hilo ni dai zito, halimalizwi na kamusi elezo.

Basi unajiuliza: nani alikuwepo akiwa na saa na kalamu, na aliandika kwa ajili ya nani? Maofisa wa meli walikuwa na wajibu wa kujaza daftari la safari. Admeri alipeleka taarifa kwa wakubwa wake wa jeshi la majini. Balozi mdogo Basil Cave alikuwa akiandikiana na wizara yake ya mambo ya nje. Unguja kwenyewe kulikuwa na gazeti la serikali, lililoanza mwaka 1892, *The Gazette for Zanzibar and East Africa*. Kila mmoja wa hawa ana faida na upofu wake. Daftari la meli linajua saa lakini halijui kilichotokea ndani ya kuta za kasri. Balozi anajua siasa lakini anaandika akijitetea. Gazeti ni la serikali iliyoshinda. Na waliokuwa ndani ya kasri hawakuachiwa nafasi ya kujaza daftari, jambo ambalo mhakiki analitaja waziwazi katika taarifa yake, kwa sababu ukimya huo unaathiri idadi ya waliokufa.

Madaftari ya meli za Kiingereza yamewekwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, katika mfululizo wenye alama ADM 53. Orodha yake iko mtandaoni kwa jina la Discovery. Unaandika alama ya mfululizo, jina la meli na mwaka, unapata namba ya jalada. Kuona namba hakumaanishi kuona hati, kwani sehemu kubwa ya majalada haijapigwa picha. Una njia tatu. Unaweza kuwalipa wenyewe kwanza wakague kurasa, kisha wakupe bei ya nakala, njia inayochukua wiki kadhaa. Unaweza kumkodi mtafiti aliye karibu na Kew, ambaye akiwa na kadi ya msomaji anaruhusiwa kupiga picha kwa kamera yake bila kulipia kila ukurasa. Kwa majalada mawili au zaidi, njia hii huwa nafuu. Au umwombe ndugu au rafiki aishiye huko, lakini basi umweleze kwa makini: apige picha ya jalada la nje lenye namba, kisha kurasa za siku iliyotangulia na iliyofuata, si ukurasa mmoja pekee. Nimeona picha nzuri za hati zikitupwa kwa kuwa hakuna aliyejua zimetoka jalada gani.

Kwa hati zilizo nyumbani, Nyaraka za Taifa Zanzibar ziko Kilimani, na Tanzania Bara ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa yenye ghala lake Upanga, Dar es Salaam. Kenya inazo zake katikati ya Nairobi, Moi Avenue. Jambo linalokwamisha watu ni kibali. Mtafiti asiye raia huhitaji kibali cha utafiti kabla ya kuketi kusoma, na hata mwenyeji hufanya vizuri kwenda na barua ya utambulisho kutoka kwa mchapishaji inayotaja mada, miaka na aina ya hati anazotafuta. Ombi la "historia ya Zanzibar" litarudi na orodha isiyo na mwisho. Ombi la "Gazette, Agosti hadi Oktoba 1896" linaletwa mezani. Na lisisahaulike hili: ruhusa ya kunakili kwa kujisomea si ruhusa ya kuchapisha. Picha ikitakiwa ndani ya kitabu, inaombewa ruhusa yake na kulipiwa ada yake, na gharama hiyo ni ya mchapishaji.

Vipi simulizi za wazee? Hakuna aliye hai aliyeona mwaka 1896, kwa hiyo mzee wa Malindi anayekusimulia anapokeza aliyoyasikia. Baada ya shikamoo na mazungumzo ya kawaida, swali la muhimu ni: "Babu, habari hii uliipata kwa nani, naye alikuwa wapi siku ile?" Mlolongo huo ukiandikwa, simulizi ni ushahidi mzuri wa namna familia ilivyolikumbuka tukio. Haiwezi kuamua kati ya dakika 38 na 40, na si haki kuitaka ifanye hivyo. Unapomhakiki mtu aliyenukuliwa na mwandishi, usimsomee sentensi ya kitabu na kumuuliza kama ni sawa. Kwa heshima atakubali. Muulize upya, ulinganishe mwenyewe.

Kila ulichokipata kinaingia kwenye daftari la vyanzo. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha. Kwa kila dai kuna namba yake, ukurasa wa mswada, maneno ya mwandishi kama yalivyo, chanzo pamoja na ukurasa au namba ya jalada, tarehe uliyokisoma, maneno ya chanzo yenyewe, na uamuzi. Sehemu ya maneno ya chanzo ndiyo watu huiruka kwa uvivu, nayo ndiyo inayookoa. "Waliuawa au kujeruhiwa" ikiwa imenakiliwa pale mezani, mhariri hahitaji kukuamini wewe, anaona kwa macho yake. Kipimo cha daftari zuri ni kwamba mtu mwingine akipewa dai namba 12 aweze kulifuata hadi kwenye ukurasa bila kukupigia simu.

Uamuzi nao uwe wa aina chache: limethibitika, lirekebishwe, halijathibitika. Kwa mawili ya mwisho unapendekeza sentensi mbadala, tena fupi na yenye sauti ya mwandishi, kwa sababu mwandishi aliyeonyeshwa kosa bila njia ya kutoka atabishana. Aya yetu ingerudi hivi:

"Tarehe 27 Agosti 1896, saa 3:02 asubuhi, meli za kivita za Kiingereza zilianza kuipiga mizinga kasri alimokuwa Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani baada ya kifo cha ghafla cha Sayyid Hamad, mtoto wa baba yake mkubwa. Wengi walishuku sumu. Mizinga ililia kwa dakika 38 hivi. Upande wa kasri, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza, baharia mmoja alijeruhiwa vibaya. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Alifia Mombasa mwaka 1927."

Imeongezeka kidogo, haikupoteza mvuto. Mwandishi akikataa rekebisho ni haki yake, kitabu ni chake. Ila kukataa kwake kunaandikwa kwenye daftari na kuridhiwa na mhariri.

Sasa pesa. Kutoza kwa neno kunamfaa mtafsiri, kwa mhakiki ni kujinyonga, kwani sura mbili za urefu sawa zinaweza kupishana mara tano kwa kazi. Kutoza kwa saa bila kikomo kunamtisha mchapishaji. Njia inayokubalika pande zote ni bei moja ya mradi iliyotokana na jaribio, na jaribio lenyewe hufanywa hivi.

Tuseme sura ina maneno 6,000. Unaomba maneno 1,000 kutoka katikati, si mwanzo, kwa kuwa utangulizi huwa na madai machache. Unayapigia mstari na kuyagawa. Tuseme umepata madai 24: mepesi 16 ya dakika 6 kila moja, ya kati 6 ya dakika 20, na mazito 2 ya saa moja na nusu kila moja. Jumla ni dakika 396, yaani saa 6 na nusu na ushee. Kwa sura nzima ni kama saa 40. Angalia mazito mawili yamekula karibu nusu ya muda wote. Hapo ndipo makadirio ya wengi yanapovunjika, kwa sababu wanahesabu madai bila kuyapima.

Saa moja iwe bei gani? Hesabu matumizi yako, usiige ya mtu wa Nairobi au London. Mtu anayehitaji shilingi milioni 2 za Tanzania kwa mwezi, na laki 4 za intaneti, umeme, vitabu na usafiri, anatafuta milioni 2.4. Saa zinazolipwa hazitakuwa 160 kwa mwezi. Barua pepe, ankara na kutafuta wateja havilipiwi na mtu. Akipata saa 96 za kulipwa amefanya vizuri, na hapo saa moja ni shilingi 25,000. Saa 40 ni milioni 1. Ongeza asilimia 15 ya dharura, kwa madai yatakayogeuka mazito njiani, inakuwa 1,150,000. Hiyo ndiyo bei unayoitaja, pamoja na jaribio lako likiwa ukurasa mmoja wa kuionyesha. Nimeona wahariri wakali wakilegea mbele ya orodha ya madai 24 kuliko mbele ya maelezo yoyote ya ubora. Jaribio lenyewe lilipiwe, na likatwe kwenye jumla kazi ikipatikana.

Gharama za hati zinakaa kando ya bei, si ndani yake: ukaguzi wa kurasa na nakala za Kew, ada ya mtafiti wa huko, nauli, ada za nyaraka za nyumbani. Zinalipwa na mchapishaji kwa risiti, na kila moja inaombewa idhini kabla ya kutumika. Ukizimeza ndani ya bei yako utajikuta unakwepa hati kwa sababu kila nakala inakutoa mfukoni, na kazi itaharibika kimyakimya.

Mkataba usipungukiwe mambo manne. Wigo, yaani sura zipi na madai ya aina gani. Raundi: bei inajumuisha kusoma mara moja na kupitia marekebisho mara moja, na aya mpya zilizoongezwa baadaye zinatozwa kwa saa. Malipo ya awali, nusu kabla ya kuanza. Na dhima: mhakiki anawajibika kwa daftari lake, uamuzi wa kuchapisha ni wa mchapishaji. Usikubali kamwe kifungu kinachokutaka ulipe hasara ya kesi. Kwa ada ya shilingi milioni moja hakuna anayeweza kubeba hilo.

Usishtuke fedha ikifika pungufu. Tanzania na Kenya zote hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada za huduma za kitaalamu za mtoa huduma mkazi, Kenya ikiwa na kiwango cha chini ambacho hakikatwi. Kwenye 1,150,000 ni 57,500, nawe unapokea 1,092,500. Pesa hiyo haijapotea iwapo utadai cheti cha zuio, maana inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka. Bila cheti, umelipa mara mbili. Kiombe kwenye ankara yenyewe, usingoje Juni.

Mara nyingi jibu litakuwa: "Tuna laki tano tu." Usishushe bei ya saa, punguza wigo. Kwa laki tano mchapishaji anapata saa 20, na saa 20 zinatosha kuhakiki madai yanayotuhumu mtu, nukuu zote, tarakimu za vifo na fedha, na majina. Idadi ya meli na saa ya kuanza vitabaki kwa mwandishi mwenyewe. Taarifa ya mwisho itaorodhesha yaliyohakikiwa, na chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, yale ambayo hayakuguswa, kwa namba za kurasa. Nakala moja inakwenda kwa mhariri, moja kwa mwandishi, na ya tatu unabaki nayo pamoja na daftari na picha za hati, kwa sababu toleo la pili likija baada ya miaka minne, atakayeulizwa 500 zilitoka wapi ni wewe.